Uniti 3.5 Zimekwenda Wapi? Kukagua Risiti ya LUKU kwa Picha ya Skrini

Nchini Tanzania, mteja wa umeme aliye kwenye kundi la D1 akilipa shilingi 9,150 hupata uniti 75. Watu wengi wanaijua namba hiyo kwa kichwa, na wapo wanaopanga matumizi ya mwezi mzima kwa kuifuata. Wachache zaidi wanajua imetoka wapi, na ndiyo maana siku uniti zinapopungua mtu hulalamika "wameniibia" bila kuweza kuonyesha ni kiasi gani, au hunyamaza huku akiwa kweli amekatwa zaidi. Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha na kugawanya tu. Ukiwa na kikotoo cha simu na picha za skrini za risiti za mwezi mmoja, unaweza kuikagua mwenyewe.

Tuanze na bei. Amri ya EWURA iliyoanza kutumika Aprili 2016 iliwapa wateja wadogo wa majumbani, wale wa D1, bei ya ngazi mbili. Uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, na kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350. Kundi la T1, ambalo lina nyumba nyingi za mjini na biashara ndogo, halina ngazi: kila uniti ni shilingi 292. Juu ya bei hiyo yanaongezwa makato matatu, yaani VAT asilimia 18, REA asilimia 3 kwa ajili ya umeme vijijini, na EWURA asilimia 1. Yote matatu hupigwa kwenye bei ya umeme wenyewe, hakuna linalopigwa juu ya jingine, kwa hiyo unayajumlisha tu na kupata asilimia 22. Uniti ya shilingi 100 inamfikia mteja kwa shilingi 122, ile ya 350 kwa shilingi 427, na ile ya T1 kwa shilingi 356 na senti kadhaa. Uniti 75 mara 122 ni 9,150. Kama asilimia zilizoandikwa kwenye risiti yako ni tofauti na hizi, tumia zilizo kwenye risiti. Njia ya hesabu haibadiliki.

Sasa fungua risiti yoyote ya LUKU kwenye simu yako. Ukiacha namba 20 za kuingiza kwenye mita, kuna mstari ambao wengi huupita bila kuusoma. Kwa malipo ya shilingi 10,000 yasiyo na makato mengine, mstari huo husomeka hivi:

```
Cost 8196.72  VAT 18% 1475.41  EWURA 1% 81.97  REA 3% 245.90
```

Jumlisha namba hizo nne utapata 10,000 kamili. Ile ya kwanza, `Cost`, ndiyo fedha iliyonunua umeme, na hupatikana kwa kugawanya 10,000 kwa 1.22. Mkaguzi huanzia hapo. Izidishe `Cost` kwa 1.22, kisha linganisha jibu na kiasi ulicholipa. Vikilingana, fedha yako yote imekwenda kwenye umeme na makato yake ya kawaida. Visipolingana, tofauti hiyo imechukuliwa kabla umeme haujapimwa, na risiti inapaswa kuonyesha imechukuliwa kwa jina gani.

Kwa kawaida jina hilo ni kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 kodi hii hukusanywa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500. Nyumba ya ghorofa hulipa zaidi. Hukatwa kwenye ununuzi wa kwanza wa mwezi, na ndiyo sababu shilingi 5,000 ya tarehe 2 huleta uniti chache kuliko shilingi 5,000 ya tarehe 12. Hakuna wizi hapo. Mpangaji akumbuke, hata hivyo, kwamba kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Kama ni yeye mpangaji anayenunua umeme, ana haki ya kuidai kwa mwenye nyumba au kuipunguza kwenye kodi ya pango kwa makubaliano.

Kabla ya kushika kikotoo kuna jambo la ngazi ambalo lazima lieleweke sawasawa, kwa sababu malalamiko mengi huzaliwa hapo. Kuvuka uniti 75 hakufanyi mwezi mzima uhesabiwe kwa shilingi 350. Zile 75 za kwanza zinabaki na bei yake, na bei ya juu inazigusa tu zile zilizozidi. Mteja wa D1 aliyetumia uniti 80 analipa 9,150 kwa zile 75 na 2,135 kwa zile tano, jumla shilingi 11,285. Anayeambiwa kwamba uniti 80 ni mara 427, yaani shilingi 34,160, anadanganywa au amekosewa hesabu. Mwenye nyumba anayegawa gharama za umeme kwa wapangaji wake anaweza kufanya kosa hili bila nia mbaya, kwa kuwa amesikia tu kwamba "ukizidisha 75 bei inapanda".

Hata mwenye D1 anayezidisha kidogo bado yuko pazuri kuliko jirani yake wa T1. Ukipiga hesabu ya makundi yote mawili kwa uniti zilezile, D1 inabaki nafuu mpaka kwenye uniti kama 323 kwa mwezi, ingawa D1 si kundi la kujichagulia. Limewekwa kwa ajili ya wenye matumizi madogo, na anayepita wastani wa uniti 75 mwezi baada ya mwezi anaweza kuhamishiwa T1.

Jambo la pili ni kwamba ngazi huhesabu uniti ulizonunua ndani ya mwezi wa kalenda. Zile ulizokwisha kutumia hazihusiki. Anayenunua Machi umeme wa kumtosha mpaka mwisho wa Aprili, tuseme uniti 150 kwa mpigo, atalipa 9,150 kwa nusu ya kwanza na 32,025 kwa nusu ya pili, jumla shilingi 41,175. Angenunua 75 Machi na 75 Aprili angelipa 18,300. Shilingi 22,875 zimepotea na risiti yake haina kosa hata moja. Kwa hiyo tarehe na saa kwenye picha ya skrini ni sehemu ya ushahidi. Ununuzi wa saa tano usiku tarehe 31 na ule wa saa saba usiku huohuo, ambao kwa kalenda tayari ni tarehe 1, unaweza kuwa na bei mbili tofauti.

Tuchukue basi mwezi mmoja tuukague. Mfano huu nimeutunga, lakini bei na makato yake ndiyo hayo tuliyoyataja. Mteja ni wa D1, nyumba ya kawaida, mita moja. Ana picha tatu za skrini. Tarehe 3 alilipa shilingi 5,000 akapata uniti 28.7. Tarehe 12 alilipa shilingi 5,000 akapata uniti 41.0. Tarehe 21 alilipa shilingi 10,000 akapata uniti 23.7, na hiyo ndiyo iliyomshtua: fedha mara mbili, uniti karibu nusu. Picha ya tatu imekatwa chini. Inaonyesha kiasi, zile namba 20 na uniti, lakini mstari wa `Cost` haupo.

Ununuzi wa kwanza ni mwepesi. Toa kodi ya jengo 1,500, zinabaki 3,500. Gawanya kwa 122, unapata 28.69, na risiti imeandika 28.7. Safi. Wa pili hauna kodi, kwa hiyo 5,000 kwa 122 ni 40.98, na risiti imeandika 41.0. Safi pia. Mpaka hapo mteja amenunua uniti 69.67, na ngazi ya kwanza imebakiza uniti 5.33.

Ununuzi wa tatu ndio unaovuka mpaka, na lazima ukatwe vipande viwili. Uniti 5.33 za mwisho za bei nafuu zinakula shilingi 650. Fedha iliyobaki, 9,350, inanunua kwa bei ya juu: gawanya kwa 427, unapata 21.9. Jumla uniti 27.2. Sehemu kubwa ya mshtuko wa mteja imejibiwa hapo, kwani hata pasipo kosa lolote shilingi 10,000 yake isingeleta uniti 80. Lakini risiti imesema 23.7. Uniti 3.5 hazionekani.

Hapa ndipo wakaguzi wengi wa haraka huteleza. Njia yao ni kugawanya fedha kwa uniti na kutazama bei ya wastani inafanana na kundi lipi. Kwa ununuzi unaovuka ngazi, wastani huo ni mchanganyiko wa bei mbili na unaweza kuangukia popote kati ya 122 na 427. Inawezekana hata ukakaribia sana 356 ya T1, ukamfanya mtu aende ofisini kulalamika kwamba amehamishwa kundi ilhali hajahamishwa. Njia ya uhakika ni kuuliza swali kinyume: ni mambo gani yangeweza kuleta uniti 23.7, na kila moja lingeleta ngapi hasa?

Je, amehamishiwa T1? Shilingi 10,000 kwa T1 zingeleta uniti 28.1, zaidi ya zile 27.2 tulizotarajia. Inashangaza, lakini ndivyo ilivyo. Aliyehamishwa baada ya kumaliza ngazi ya kwanza hupata nafuu kidogo siku hiyo, na maumivu huyaona mwezi unaofuata. Na kama amehamishwa na papo hapo akakatwa 1,500, angepata 23.9. Hiyo iko karibu na 23.7, lakini risiti huandika desimali moja, na 23.86 haiwezi kuandikwa 23.7. T1 tunaitoa.

Je, kodi ya jengo imekatwa mara ya pili? Toa 1,500 kwenye 10,000, zinabaki 8,500. Uniti 5.33 zinakula 650 kama kawaida. Fedha inayobaki, 7,850, gawanya kwa 427 unapata 18.38. Jumla 23.7. Inalingana mpaka kwenye desimali.

Hapo mtu hutamani kufunga daftari na kwenda kudai. Asubiri, kwa sababu lipo jibu jingine linalotoa namba hiyohiyo. Tuseme kati ya tarehe 12 na 21 kuna mtu mwingine wa nyumbani aliyenunua umeme kidogo kwa wakala, na picha yake haimo kwenye zile tatu. Uniti alizonunua zingekuwa zimekula sehemu ya zile 5.33 za bei nafuu, na ununuzi wa tarehe 21 ungeingia kwenye bei ya juu mapema zaidi. Kama ununuzi huo ulikuwa wa shilingi 600 hivi, jibu la tarehe 21 ni 23.7 vilevile. Kama ulikuwa mkubwa wa kuimaliza ngazi ya kwanza yote, jibu ni 23.4. Katika hali hiyo hakuna aliyezidishiwa. Picha ndizo zilizopungua.

Kwa hiyo hesabu ya ngazi imetufikisha kwenye maelezo mawili, na picha iliyokatwa haiwezi kuyatenganisha. Mstari uliokatwa ndio unaoweza. Mteja arudi kwenye ujumbe wenyewe, ausome mpaka mwisho. Akikuta `Cost 8196.72`, shilingi 10,000 yake yote imenunua umeme, na atafute ununuzi asioujua. Akikuta `Cost 6967.21`, azidishe kwa 1.22: jibu ni 8,500, na shilingi 1,500 zimeondoka kabla. Katika mfano wetu ujumbe una namba hii ya pili, na chini yake kodi ya jengo imeandikwa tena, 1,500, kama ilivyoandikwa tarehe 3.

Bado kuna swali moja la haki kwa upande wa pili. Makato ya ziada yanaweza kuwa deni halali. Nyumba iliyokaa mwezi mzima bila kununua umeme haijalipa kodi ya mwezi huo, na deni hilo hulifuata jengo. Kwa hiyo mteja anahitaji risiti ya kwanza ya mwezi uliotangulia, na ile ya mwezi wa kabla yake. Kama zote zinaonyesha kodi ilikatwa, hakuna mwezi uliorukwa, na yale makato ya tarehe 21 hayana mwezi wa kuyabeba. Amezidishiwa shilingi 1,500. Ukiigawanya kwa 427 unapata uniti 3.5, zilezile tulizozikosa, na hesabu imefunga.

Angalia pia ni wapi makato hayo yameuma. Shilingi 1,500 zikikatwa mwanzo wa mwezi huondoa uniti 12.3 za bei nafuu. Zikikatwa baada ya ngazi kuvukwa huondoa uniti 3.5 tu. Ndiyo maana anayehesabu kwa uniti peke yake huweza kuona kosa moja kama makosa mawili ya ukubwa tofauti. Mpaka mwisho wa ukaguzi, dai liandikwe kwa shilingi.

Sababu moja ya makato ya namna hii inafahamika. Kodi ni ya jengo, lakini chombo cha kuikusanyia ni mita, na jengo moja linaweza kuwa na mita mbili au tatu, za vyumba vya wapangaji au za fremu ya duka mbele. Zikiwa zote zimeandikwa kama majengo tofauti, kila moja hukata yake. Mwenye jengo la namna hii akusanye picha za mita zote za mwezi mmoja aziweke pamoja, kwa sababu kila risiti ikitazamwa peke yake itaonekana haina kosa. Marekebisho ya nani alipe na kwa mita ipi ni kazi ya TRA, wenye kodi yao. Uniti, ngazi na kundi la bei ni mambo ya TANESCO. Ukipeleka dai la kodi kwenye dirisha la umeme bila kulitenganisha, utazungushwa. Dai la umeme ambalo halikupata majibu linaweza kupelekwa EWURA, ambayo kwa sheria hupokea malalamiko ya wateja dhidi ya watoa huduma.

Katika dai usitegemee picha ya skrini kama una ujumbe wenyewe. Picha hukatwa, hupoteza tarehe, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuihariri. Peleka ujumbe kamili wenye namba ya mita, namba ya risiti na saa. Omba pia orodha ya manunuzi yote ya mita hiyo kwa mwezi huo, kwa sababu ndiyo pekee inayoweza kuthibitisha kwamba hapakuwa na ununuzi wa nne. Kama mtandao wa simu umekutoza ada yake ya muamala, hiyo iweke kando. Haimo kwenye hesabu ya LUKU na haitaonekana kwenye `Cost`. Barua yenyewe haihitaji kurasa. Inatosha kusema kwamba tarehe 21 mita ilikuwa imeshanunua uniti 69.7 kwa mwezi huo, kwamba shilingi 10,000 zilipaswa kuleta uniti 27.2 na zikaleta 23.7, na kwamba tofauti ni shilingi 1,500 za kodi iliyokwisha kukatwa tarehe 3.

Kisha subiri tarehe 1. Ununuzi wa kwanza wa mwezi mpya utakuambia mengi kwa namba moja, kwa sababu ngazi imeanza upya na hakuna mchanganyiko wa bei. Kwa shilingi 5,000, mteja wa D1 aliyekatwa kodi mara moja atapata uniti 28.7. Akipata 16.4, amekatwa mara mbili tena. Akipata 9.8, amehamishiwa T1, na hilo ni dai jingine lenye hesabu yake.